Namna ya kuandika tangazo la kumpata msimamizi wa shamba: uzoefu, makazi na mshahara

"Anahitajika msimamizi wa shamba, awe mwaminifu na mchapakazi, mwenye uzoefu wa kutosha. Malazi yapo. Mshahara mzuri, maelewano. Piga simu."

Tangazo la namna hii huleta simu nyingi na watu wachache wanaofaa. Aliyewahi kuendesha shamba la watu anapoona neno "maelewano" anajua atasafiri saa nne kwenda kusikia 150,000, kwa hiyo hapigi. Anayepiga ni yule asiye na cha kupoteza. Tatizo la tangazo hilo halianzi siku linapotoka. Linaanza mwezi wa pili, kila mmoja anapogundua kwamba mwenzake alilielewa neno lilelile kivyake. "Malazi" kwa mwenye shamba yalikuwa chumba kimoja pembeni ya stoo, na kwa msimamizi yalikuwa nyumba ya kuleta mke na watoto.

Mwongozo huu unalijenga tangazo hatua kwa hatua kwa kutumia shamba moja la mfano. Ni ekari 6 Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo. Ekari 2 ni za nyanya, 2 za tikiti, 1 ya pilipili hoho, na 1 imepumzishwa. Kuna kisima kirefu, pampu ya sola, matenki mawili ya lita 10,000 juu ya mnara, na mipira ya dripu shamba zima. Mwenye shamba anaishi Dar es Salaam na hufika Jumamosi mbili kwa mwezi. Vibarua huwa 4 siku za kawaida na hufika 12 wakati wa kuvuna. Mlinzi wa usiku yupo. Shamba lako likiwa la kuku au maparachichi, majina ya kazi yatabadilika, lakini utaratibu ni huohuo.

Kwanza, amua unamtafuta nani

Kuna watu watatu ambao matangazo huwachanganya. Kijana wa shamba hufanya kazi kwa mikono yake: analima, anamwagilia, anapalilia. Bwana shamba ni mtaalamu wa mimea, anayekuja kuangalia ugonjwa na kuelekeza dawa. Msimamizi ni yule anayewapanga wengine, anayetunza stoo, anayeandika daftari na kukupigia simu kabla jambo halijaharibika. Mtu mmoja anaweza kuwa na sehemu ya yote matatu, ila hutampata kwa mshahara wa kijana wa shamba, na ukimpata hatakaa.

Njia rahisi ya kuamua ni kujiuliza ni funguo gani utamkabidhi. Kwenye shamba letu la mfano ziko tatu. Wa kwanza ni wa pampu na valvu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua eneo lipi lipate maji na kwa muda gani. Wa pili ni wa stoo ya mbolea na viuatilifu. Wa tatu si wa chuma: ni pesa ya vibarua, inayotumwa kwenye simu yake kila Ijumaa. Ukishaona kwamba unamkabidhi zote tatu, unajua kwamba unatafuta msimamizi kamili, na mistari ya tangazo lako inaanza kujiandika. Kama pesa ya vibarua utailipa mwenyewe na dawa ataamua bwana shamba wa kukodi, basi unatafuta kiongozi wa vibarua. Sema hivyo, na mshahara ufuate.

Angalia kalenda pia. Mtu mzuri mara nyingi yuko kazini kwingine. Tanzania, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28 akishamaliza mwezi wake wa kwanza kazini. Ongeza wiki mbili za kupokea majibu na kufanya usaili, kisha wiki moja ya kuhama na kukabidhiwa. Kama unataka kusia nyanya kitaluni tarehe 1 Machi, tangazo litoke kufikia tarehe 10 Januari. Ukilitoa wiki moja kabla ya kusia, umeshajichagulia wale wasio na kazi peke yao.

Uzoefu: hesabu misimu na kazi, miaka peke yake haitoshi

"Uzoefu wa miaka mitano" hausemi mengi. Mtu anaweza kukaa miaka mitano shambani akivuta mpira wa maji tu. Nyanya hukaa kitaluni kama wiki nne, kisha huanza kuvunwa takribani miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kuhamishiwa shambani, na uchumaji huendelea wiki kadhaa. Msimu mmoja kamili, kwa hiyo, ni kama miezi mitano. Aliyesimamia misimu minne amekwisha kukutana na mvua iliyoleta ugonjwa wa bakajani, na kiangazi kilicholeta mdudu kantangaze. Ndiyo sababu tangazo letu linadai "misimu isiyopungua 4 ya nyanya au hoho kwa dripu, akiwa yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo". Maneno ya mwisho ndiyo yanayochuja. Aliyekuwa kibarua kwenye shamba kubwa hawezi kuyasema bila kuulizwa swali la pili.

Elimu iandike kwa uangalifu. Cheti au stashahada ya kilimo kutoka vyuo kama Ilonga, Uyole, Ukiriguru au Tengeru ni kitu kizuri, hasa kama utataka asome lebo na kupiga hesabu za mbolea. Lakini ukiandika "lazima awe na stashahada" unamfungia mlango mtu wa darasa la saba aliyeendesha dripu miaka minane. Kwa shamba la ekari 6 andika "cheti cha kilimo ni nyongeza", kisha weka kama sharti vile usivyoweza kuishi bila navyo: kusoma na kuandika Kiswahili, kutunza daftari, kutumia simu kupiga picha na kutuma pesa.

Acha masharti yasiyohusu kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika ajira, na kukataza huko kunamhusu hata anayeomba kazi. "Awe mwanaume", "asiwe na familia" na "awe wa kabila fulani" ni mistari ya kutokuandikwa. Nayo haikusaidii: wanawake wengi ndio wanaoongoza vibarua wa kuchuma na kupanga madaraja, na wanaijua nyanya iliyopondeka kuliko mtu mwingine yeyote shambani.

Sehemu ya uzoefu iwe na maswali mawili utakayouliza kwa simu, na uyaandae kabla tangazo halijatoka. Haya mawili yanatosha kwa shamba la dripu.

La kwanza: "Mipira ya karibu na tenki inatoa maji, ya mwisho wa shamba ni mikavu. Unaanzia wapi?" Anayejua ataanza na filta, aifungue na kuisafisha, kwa sababu filta iliyojaa tope hushusha msukumo. Kisha atatembea kwenye mstari akitafuta mpira uliopasuka au uliong'atwa na panya. Kisha atafungua ncha za mipira atoe tope. Atakuuliza pia umefungua valvu ngapi kwa pamoja, maana ukifungua maeneo yote mara moja tenki haliwezi kusukuma maji hadi mwisho. Asiyejua atasema, "Nitaongeza pampu, bosi."

La pili: "Lebo ya dawa inasema mililita 30 kwa lita 20 za maji. Bomba lako la mgongoni ni la lita 16. Utaweka kiasi gani?" Jibu ni mililita 24. Usimharakishe, mpe muda wa kupiga hesabu. Anayejibu "kifuniko kimoja na nusu" anakuonyesha namna atakavyotumia stoo yako: kipimo pungufu ambacho wadudu watakizoea, au kipimo kilichozidi kitakachounguza majani. Ukiongeza "na baada ya kupulizia tunachuma lini?", jibu zuri si idadi ya siku. Jibu zuri ni "nasoma kwenye lebo", kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri.

Makazi: eleza nyumba yenyewe

Hapa ndipo matangazo mengi huwa mafupi na ugomvi huwa mrefu. Nyumba ya shambani ni sehemu ya malipo, ni kitendea kazi, na ni maisha ya mtu, vyote kwa pamoja. Ieleze kama unavyoieleza nyumba ya kupangisha, kwa mtu ambaye hajaiona.

Sema ukubwa: vyumba viwili, bati, sakafu ya saruji. Sema umeme ni wa aina gani. Kama ni sola ya taa na chaji ya simu tu, andika hivyo, ili asije na friji. Sema maji yanatoka wapi, na kama yana chumvi usifiche, kwa kuwa atayaonja siku ya kwanza. Sema choo kiko ndani au nje, na ni cha peke yake au anashirikiana na vibarua. Sema kama kuna kitanda na godoro, au aje na vyake.

Jambo moja lisiwe na mjadala: viuatilifu visikae kwenye nyumba anayolala mtu, hata chumba cha nyuma, hata "kwa muda tu". Kama stoo yako imeungana na chumba cha msimamizi, jenga nyingine au hamisha moja kabla hujatangaza kazi. Mtu mwenye uzoefu akifika na kunusa dawa mlangoni anageuza.

Kisha jibu suala la familia. Usilizunguke. Je, mwenza na watoto wanaruhusiwa kuishi hapo? Shule ya msingi iko umbali gani, zahanati je? Kwenye mfano wetu shule iko kilomita 3 na barabara ya lami kilomita 4, na tangazo linasema hivyo. Msimamizi aliyeacha familia Morogoro ataomba ruhusa kila mwisho wa mwezi, na ruhusa hizo huwa zinaangukia siku za kuvuna. Ukiruhusu familia unapata mtu anayekaa. Lakini amua mapema kama mwenza wake atafanya kazi ya vibarua kwa malipo. Iwe ni kazi ya kulipwa na kuandikwa kwenye daftari kama kibarua mwingine yeyote, au isiwepo kabisa. "Mama atasaidia saidia" ni kazi ya bure ya mtu ambaye hukumwajiri.

Ruhusu bustani, na uipime. Robo ya robo ekari kwa mchicha na mahindi ya nyumbani inatosha. Sema kama anaruhusiwa kufuga kuku, na kama hairuhusiwi kulima nyanya zake mwenyewe. Sababu ni nzito kuliko inavyoonekana. Bustani ya nyanya isiyopuliziwa ni makazi ya kantangaze, na nyanya zake zikichanganyika na zako hakuna atakayejua kreti ipi ni ya nani.

Sasa usiku. Kwa kuwa msimamizi analala shambani, wenye mashamba wengi humgeuza mlinzi bila kumwambia. Anaamka alfajiri kufungua valvu, anasimamia vibarua mchana, na mbwa wakibweka saa nane usiku anatarajiwa atoke na tochi. Baada ya miezi mitatu anasinzia mchana, na wewe unasema amekuwa mvivu. Kama una mlinzi, andika "ulinzi wa usiku una mtu wake". Kama huna, andika kwamba unahitaji watu wawili, au ulipie kazi hiyo waziwazi na uipunguze asubuhi yake.

Mwisho wa makazi uandikwe pia: nyumba inaambatana na kazi, na kazi ikiisha ana siku ngapi za kuhama. Siku 14 baada ya siku ya mwisho ya kazi ni muda unaomwezesha mtu mwenye watoto kupata chumba. Tena, sheria hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri anayesitisha ajira mahali pasipo pale alipomwajiria mtu amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikomwajiria, au alipe gharama hiyo. Kama utamchukua mtu Iringa, weka nauli ya kurudi kwenye hesabu zako tangu mwanzo.

Mshahara: tarakimu moja, tarehe moja, na kinachokatwa

Andika kiasi. Ukiona aibu kukiandika, huenda ni kidogo. Amri ya mishahara huweka kima cha chini kwa kila sekta, kilimo kikiwemo, nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo angalia amri inayotumika sasa kabla ya kuandika chochote. Kima hicho ni cha mfanyakazi wa chini kabisa; mtu wa funguo tatu hukaa juu yake. Shamba letu la mfano limepanga 450,000 kwa mwezi.

Lakini 450,000 ni ghafi au ni ya kupokea mkononi? Hili swali lisiachwe kwa simu. Tuipige hesabu kwa viwango vya mwaka 2025. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi ni asilimia 10, yaani 45,000. Inabaki 405,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za mwanzo. 135,000 zinazozidi hapo zinakatwa asilimia 8, yaani 10,800. Anachopokea ni 394,200. Wewe unaongeza NSSF ya mwajiri 45,000, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, wa asilimia 0.5, yaani 2,250. Gharama yako kwa mwezi ni 497,250. Sheria ya kodi ya mapato huitazama pia nyumba ya mwajiri kama faida kwa mfanyakazi, hivyo kabla ya mshahara wa kwanza kaa na mhasibu aipigie hesabu thamani ya pango la nyumba hiyo. Ndani ya tangazo andika namba zote mbili, "450,000 ghafi, takribani 390,000 mkononi", na hakuna atakayesema alidanganywa.

Usiuhesabu unga na maharage ndani ya mshahara. Mshahara ni pesa. Kama unatoa chakula, kitaje kama nyongeza na kiasi chake. Kama hutoi, sema anajitegemea. Posho ya simu nayo itenganishwe: 15,000 za bando kwa mwezi kwa ajili ya picha na taarifa ni kitu kidogo kinachoondoa kisingizio cha "bando liliisha".

Nyongeza ya mavuno inavutia watu wazuri, ila ipime kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anakiona. "Asilimia 5 ya faida" huleta manung'uniko, kwa sababu yeye haoni bei ya sokoni wala gharama zako, na faida ikiwa ndogo ataamini umemficha. Nyongeza kwa kila kilo iliyovunwa nayo ina kasoro yake: itachumwa mbichi na iliyooza pamoja. Kinachofanya kazi ni kiasi kwa kila kreti ya daraja la kwanza iliyopakiwa kwenye gari, ikiandikwa na watu wawili pale gari linapojaa. Kwa shilingi 500 kwa kreti, shehena ya kreti 120 inampa 60,000. Anaweza kuzihesabu mwenyewe akiwa amesimama kando ya gari.

Saa za kazi ziambatane na mshahara. Kikomo cha kawaida cha kisheria ni saa 45 kwa wiki na si zaidi ya saa 9 kwa siku. Msimamizi anayewaongoza wengine kwa niaba ya mwajiri anaweza kuwekwa nje ya kikomo hicho, lakini mwili wake hauko nje. Ratiba inayofaa joto la Pwani ni saa 12:30 asubuhi hadi 5:00, kisha saa 9:00 alasiri hadi 12:00 jioni, siku sita. Ukijumlisha ni saa 45 kamili. Jumapili valvu afungue kibarua mmoja aliyefundishwa na anayelipwa kwa siku hiyo. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ipange baada ya msimu kwisha.

Tangazo lenyewe

Watu wengi watalisomea WhatsApp, ambako maandishi marefu hukatwa baada ya mistari michache. Kwa hiyo kazi, mahali na mshahara vitangulie, na sifa zifuate. Liwe maandishi, lisiwe picha, ili mtu aweze kulituma kwa ndugu yake bila herufi kufifia.

> KAZI: MSIMAMIZI WA SHAMBA LA MBOGA (nafasi 1)
> Mahali: Kiwangwa, Bagamoyo, kilomita 4 kutoka lami.
> Mshahara: sh. 450,000 ghafi kwa mwezi (takribani 390,000 mkononi baada ya NSSF na kodi), hulipwa kwa simu au benki kila tarehe 28. Nyongeza sh. 500 kwa kila kreti ya daraja la kwanza. Bando sh. 15,000.
>
> Shamba: ekari 6, nyanya, hoho na tikiti kwa dripu, pampu ya sola. Vibarua 4 hadi 12.
>
> Kazi: kupanga na kusimamia vibarua, ratiba ya maji na mbolea, ukaguzi wa wadudu na magonjwa, kutunza stoo na daftari, kulipa vibarua kila Ijumaa, kutuma picha na taarifa kila jioni.
>
> Sifa: misimu isiyopungua 4 ya nyanya au hoho kwa dripu ukiwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa stoo; kusoma, kuandika na kupiga hesabu za vipimo; kutumia simu. Cheti cha kilimo ni nyongeza. Wanawake na wanaume wanakaribishwa.
>
> Makazi: nyumba ya vyumba 2, bure, saruji na bati, sola ya taa na chaji, maji ya kisima (yana chumvi kidogo, ya kunywa huletwa), choo cha peke yako. Kitanda na godoro vipo. Familia inaruhusiwa, shule ya msingi kilomita 3. Bustani ndogo inaruhusiwa, isipokuwa nyanya na hoho. Chakula unajitegemea. Ulinzi wa usiku una mtu wake. Kazi ikiisha, siku 14 za kuhama.
>
> Muda: Jumatatu hadi Jumamosi, saa 12:30–5:00 asubuhi na 9:00–12:00 jioni. Likizo siku 28 kwa mwaka. Majaribio miezi 3, kwa mshahara kamili. Mkataba wa maandishi.
>
> Kuomba: tuma ujumbe (usipige) kwenda [namba] kabla ya tarehe [ ]. Taja: (1) jina na unapoishi, (2) shamba la mwisho, zao na idadi ya misimu, (3) namba ya mtu uliyemfanyia kazi, (4) unaweza kuanza lini. Usitume kitambulisho kwa sasa.
> Hatupokei malipo yoyote kutoka kwa mwombaji. Tangazo hili linaisha tarehe [ ].

Mistari miwili ya mwisho ina kazi yake. Matangazo ya kazi hunakiliwa, namba ikabadilishwa, kisha waombaji wakaombwa "hela ya fomu". Tarehe ya mwisho na kauli ya kutotoza pesa humpa mwombaji sababu ya kushtuka. Na vitambulisho vikizagaa kwenye simu yako kabla hujamjua mtu, unabeba mzigo usio na faida nao.

Maneno "tuma ujumbe, usipige" ni mtihani wa kwanza. Anayetakiwa kukutumia taarifa kila jioni ameombwa kutuma taarifa moja yenye mambo manne. Utapokea "Kaka habari, nimeona tangazo, kazi bado ipo?" nyingi. Wajibu wote kwa heshima, kwa maneno mamoja: "Salama ndugu yangu, bado ipo. Naomba utume yale mambo manne yaliyo kwenye tangazo." Wale watakaorudi na yote manne ndio wa kuwapigia simu na kuwauliza maswali mawili ya juu.

Kutoka ujumbe hadi funguo

Baki na watatu. Mpigie mwajiri wa zamani wa kila mmoja, na usiulize kama alikuwa mtu mzuri, maana jibu la hilo ni "alikuwa mzuri tu". Uliza, "Ungempa ufunguo wa stoo tena?" kisha nyamaza. Kusita kabla ya jibu kunasema mengi. Uliza pia aliondokaje: alitoa notisi, au mlikuta nyumba tupu?

Waite wawili kwa siku mbili za kazi kila mmoja, uwalipe siku hizo pamoja na nauli. Siku ya kwanza atembee shamba zima akiwa na kalamu, akuandikie alichokiona. Utajifunza zaidi kutoka kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye usaili. Mmoja ataandika "shamba zuri, linahitaji palizi". Mwingine ataandika kwamba mstari wa saba una mpira uliochanika, kwamba majani ya chini ya nyanya upande wa mashariki yana michirizi ya kantangaze, na kwamba stoo haina ndoo ya kupimia. Siku ya pili mwachie vibarua wanne na kazi ya kufunga kamba, na uone anasimama wapi: kivulini, au mwanzoni mwa mstari akionyesha fundo.

Mkataba unakili namba zilizo kwenye tangazo, neno kwa neno pale inapowezekana. Kama umebadilisha kitu, mfano mshahara umekuwa 420,000 wakati wa majaribio, mwambie kabla hajahama. Asije akakisoma akiwa ameshashusha godoro.

Siku ya kukabidhi nyumba, zungukeni wote wawili na karatasi moja: milango 2 na kufuli zake, madirisha 4, paneli na betri, kitanda, godoro, koki ya nje inayovuja kidogo. Andikeni hali ya kila kitu kama ilivyo siku hiyo, na tarehe ya koki kutengenezwa. Wekeni sahihi nakala mbili, moja ibaki kwake. Ndipo umpe funguo, ukianza na wa nyumba.